Nimwandikieje malenga aliyeniteka kwa shairi la mwavuli?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 34, fundi wa redio na simu hapa Tanga, na sijaoa. Kwa muda sasa nimekuwa nikimsikiliza malenga mmoja wa Mombasa, mwanamke wa rika langu, ambaye hughani mashairi yake mwenyewe na kuyaweka kwenye ukurasa wake. Mawili yameniganda: la cherehani ya marehemu mama yake, na la mtu aliyeazima mwavuli asiurudishe. Hilo la mwavuli nililisikia nikiwa nalehemu waya, na kibwagizo kilipogeuka mwishoni niliacha kazi nikalirudia tangu mwanzo.

Nataka kumwandikia, na sikufichi kwamba si kwa ajili ya ushairi peke yake. Sijui kama ameolewa. Namba yake ya simu nimepewa na msimamizi wa kundi moja la washairi. Nimeandaa rasimu mbili. Ya kwanza inasema: "Mambo mrembo. Mashairi yako ni moto, una sauti tamu kama asali. Nimekupenda tangu siku ya kwanza. Naomba tufahamiane zaidi." Ya pili nimejaribu kuitunga kishairi:

"Ewe malenga mzuri, sauti yako inanivutia sana,
Ukilia cherehani, natamani nikufute machozi."

Nimekuambatishia mashairi yote mawili uyasome. Nitume ipi, ili nisionekane mhuni, wala nisiishie kuwa shabiki tu?

Fundi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Rasimu zote mbili ziweke kando. Sentensi yako nzuri kuliko zote haimo ndani yake. Imo katika barua uliyoniandikia mimi, pale unaposema kwamba kibwagizo kilipogeuka uliacha kazi ukalirudia shairi tangu mwanzo. Hiyo ndiyo habari ambayo malenga angefurahi kuisikia, nawe umeipeleka kwa mtu ambaye hakutunga hata mshororo mmoja wa shairi lile.

Kabla hatujafika kwenye maneno yenyewe, tuimalize kwanza habari ya namba. Alimpa msimamizi wa kundi kwa ajili ya shughuli za kundi, hakukupa wewe. Ukimwandikia hapo, jambo la kwanza atakalojiuliza ni nani aliyeitoa, na jibu la swali hilo litamfikia kabla hajasoma sifa zako. Tumia kisanduku cha ujumbe cha ukurasa wake, ambacho amekiacha wazi kwa hiari yake kwa wasikilizaji, na uandike jioni mapema au mchana. Ujumbe wa saa sita za usiku, hata ukiwa na adabu ya msikitini, husomwa kwa jicho jingine. Wala usianzie hadharani, chini ya shairi, mbele ya wasikilizaji wote. Sifa ya wazi iweke hapo ukipenda, lakini mzaha wa kimapenzi ukiandikwa mbele ya watu humlazimisha mwanamke kukujibu huku akitazamwa, na wengi wakilazimishwa hivyo huchagua jibu kali.

Sasa tuitazame rasimu ya kwanza. Fikiria kisanduku cha malenga mwanamke kinavyokuwa asubuhi. Kuna walioandika "kali sana", kuna waliotuma alama za moto peke yake, kuna waliomwita mrembo na kumwomba picha, na kuna wale ambao huanza kwa kumsifu kwa aya nzima ili mwishoni waombe beti za harusi ya mdogo wao, bure, na kufikia Ijumaa. Rasimu yako inaingia moja kwa moja katika lundo hilo, kwa sababu hakuna neno lake hata moja linaloonyesha kwamba umesikiliza. Ondoa neno "mashairi", weka "nyimbo", kisha umtumie mwimbaji yeyote wa taarabu: hakuna kitakachopungua. Sifa inayomfaa kila mtu haimgusi yeyote, na kwa msanii huwa mbaya zaidi, kwa sababu yeye amekesha akichagua neno moja badala ya jingine, nawe unamwambia kwamba yote ni matamu.

Nimeyasoma mashairi uliyoniletea. La mwavuli lina beti sita za mishororo minne minne, mizani nane katika ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mshororo, na nane katika utao, kile cha pili, na vina havitetereki tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa chini maneno nimeyabadilisha na umbo nimeliacha lilivyo, ili mwenyewe asitambulike. Ubeti wa kwanza unakwenda hivi:

Uliazima mwavuli, mawingu yalipotanda,
Ukanipa na kauli, kesho ngazi utapanda,
Jua limekuwa kali, mwaka wa pili waenda,
Nakudai tu mwavuli, mengine sijayapenda.

Mshororo huo wa nne ndio kibwagizo, na unarudi vilevile hadi ubeti wa tano. Msikilizaji anauzoea, hata anaanza kuutamka pamoja na mghani. Halafu ubeti wa sita unaishia kwa maneno haya: "Kaa nao tu mwavuli, mwenyewe njoo, napenda." Vina ni vilevile, mizani ni ileile, hata neno "tu" limebaki palepale alipoliweka tangu mwanzo, lakini kazi yake imegeuka. Katika beti tano lilikuwa linapunguza dai, kwamba ni mwavuli tu na si kingine. Katika ubeti wa sita linautupa mwavuli. Kugeuza kibwagizo mwishoni ni ufundi wa zamani, lakini hufanikiwa pale tu malenga anapokuwa na subira ya kukirudia bila kukonyeza. Huyu hakukonyeza. Au tuseme alikonyeza mara moja, katika ubeti wa tatu, anapoukumbuka "mpini ulivyopinda". Anayedai mwavuli tu hana sababu ya kukumbuka jinsi mpini wake ulivyopinda.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu ndiyo malighafi ya ujumbe wako. Hukuhitaji kuyajua majina ya ukwapi na utao ili uyasikie. Uliyasikia, ndiyo maana chuma kilikaa bila kazi mkononi. Kwa hiyo ningekushauri ujumbe wa kwanza uwe wa nathari, mfupi wa kusomeka bila kubonyeza popote ili uendelee, na uwe karibu na huu:

"Habari za jioni. Mimi ni fundi wa redio hapa Tanga. Jana nilikuwa nalehemu waya huku nikisikiliza shairi lako la mwavuli, na kwa beti tano nilikuamini kabisa kwamba unadai mwavuli tu. Ulipofika 'Kaa nao tu mwavuli' niliacha kazi nikarudi mwanzo, kwa sababu nilitaka kujua ni wapi uliponidanganya. Nadhani ni pale kwenye mpini uliopinda. Naomba kukuuliza jambo moja: mshororo ule wa mwisho ulikujia kwanza, au ulikushtukiza na wewe? Ahsante kwa kazi hii."

Uweke jina lako halisi na uandike kwa maneno yako, lakini tazama kilichomo na kisichokuwamo. Mahali ulipolisikia shairi pametajwa, kwa sababu malenga hutoa sauti yake bila kujua inatua wapi, na kuambiwa kwamba ilitua kwenye meza ya fundi, katikati ya waya na risasi, ni zawadi yenyewe. Mahali penyewe shairini pamenukuliwa kwa maneno yake. Umetoa fikira yako kuhusu mpini, ambayo anaweza kuikubali au kuikataa, na hapo tayari mna la kuzungumza. Swali ni moja, na linahusu kazi, tena ni swali ambalo watunzi hulipenda, kwa sababu ni nadra mtu kuwauliza shairi lilianzia wapi. Ucheshi upo katika kauli ya "uliponidanganya" na hauendi mbali zaidi ya hapo: anayetaka kuuona atauona, na asiyetaka anaweza kuupita akajibu swali bila aibu kwa upande wowote. Hakuna neno juu ya uso wake, hakuna "nimekupenda", hakuna ombi la namba wala la kuonana.

Najua utaniuliza: mapenzi yenyewe yako wapi basi? Yapo. Mtu mzima akimwambia mwingine kwamba alisimamisha kazi yake kwa sababu ya neno "tu", huyo wa pili haambiwi zaidi. Ukiongeza "mrembo" juu yake utakuwa umemwonyesha kwamba ule usikilizaji wote ulikuwa kanzu ya kuingilia nyumbani.

Kuhusu cherehani nataka tuelewane vizuri, kwa maana rasimu yako ya pili imejengwa juu yake. Lile ni shairi la msiba. Mama ndiye amekufa, cherehani imebaki kimya chini ya kitambaa, na binti anaogopa kuikanyaga pedeli asije akasikia mlio wa zamani. Wewe umelisikia, ukaona machozi, ukaona nafasi ya kuyafuta. Mwanangu, hiyo nafasi si yako, na yeye ataihisi sentensi hiyo kama mkono wa mgeni begani pake. Liko shairi linalobeba mzaha na liko lisilobeba. La mwavuli limetungwa kwa tabasamu, kwa hiyo linakubali kujibiwa kwa tabasamu. La cherehani ukilisifu, lisifu peke yake, katika ujumbe wake lenyewe, siku nyingine, wala usichanganye na tone la kitu kingine. Unaweza kumwambia kwamba ile kanyagio asiyoikanyaga ilikukumbusha kifaa fulani cha marehemu wenu, kama kweli kipo. Kama hakipo, mwambie tu kwamba ulisikiliza hadi mwisho na ukanyamaza. Zaidi ya hapo ni kuiba huzuni ya mtu na kuifanya ngazi.

Na liko kosa jingine linalofanana na hilo, ambalo wasikilizaji wengi wa mashairi ya mapenzi hulifanya. Ile nafsi inayosema "mwenyewe njoo" ni ya shairini. Si lazima iwe mtunzi mwenyewe, na huyo anayeitwa kwa hakika si wewe. Wanaume kwa wanawake wameshatunga kwa nafsi ya mke aliyeachwa, ya baharia, ya mzee, hata ya jahazi. Ukimwandikia kana kwamba amekwisha kukualika, utakuwa umejibu barua isiyokuwa yako. Cheza na shairi, lakini usijiweke ndani yake kama mwenye haki.

Turudi kwenye beti zako, kwa sababu nadhani hamu ya kumjibu kwa shairi ni nzuri na ina asili yake kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akitunga mashairi ya kumjibu na kumchokoza mtu, na baadaye magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalichapisha mashairi ya wasomaji, na mtu wa bara akaweza kumjibu mtu wa pwani kwa umbo lilelile na vina vilevile. Malenga wa Mombasa akijibiwa kwa shairi hatashangaa. Atakachofanya, hata kama hakukusudia, ni kuhesabu.

Basi tuhesabu naye. "Ewe malenga mzuri" ni mizani nane kamili: e-we, ma-le-nga, m-zu-ri, kwa kuwa ile "m" ya "mzuri" inasimama peke yake na inahesabiwa. Hapo umepatia, na wengi hapo ndipo hukosea. Lakini utao wako, "sauti yako inanivutia sana", una mizani kumi na tatu. Sa-u-ti ni tatu, ya-ko mbili, i-na-ni-vu-ti-a sita, sa-na mbili. Mghani akijaribu kuusoma kwa mahadhi ya nane nane atalazimika kukimbia katikati kama abiria aliyeachwa na daladala. Mshororo wa pili nao una kumi na moja katika utao, na vina havikutani popote: "ri" na "ni" katikati, "na" na "zi" mwishoni. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo si neno. Kwa mtu aliyefunga beti sita bila vina kutetereka, ni sawa na mtu kukuletea wewe redio aliyoifungua kwa kisu cha jikoni huku akikuambia kwamba anaupenda sana ufundi wako.

Dawa yake ni kufupisha. "Sauti yanivutia" ni mizani nane na maana haijapotea, kwa kuwa wakati wa "a" huokoa silabi ambazo "ina" huzila. Ndiyo maana washairi wanaupenda. Ila hata ukiusawazisha utao huo, bado unasema jambo ambalo kila mtu amekwisha kumwambia. Shairi la kumjibu malenga huwa na utamu linapochukua kitu kutoka katika shairi lake na kukirudisha kikiwa kimegeuzwa kidogo. Nimejaribu kukufungia ubeti mmoja wa mfano, kwa vina vyake mwenyewe:

Sikuazima mwavuli, mawingu yalipotanda,
Nimeisoma kauli, mara tatu, naipenda,
Mdaiwa yuko mbali, mwaka wa tatu waenda,
Ninao wangu mwavuli, kahawa je, utapenda?

Mshororo wa kwanza umeazima utao wake na kuukana: si mimi niliyeuchukua. Wa tatu unauhesabu mwaka uliopita tangu yeye alipotunga "mwaka wa pili", na hapo ndipo mzaha wenyewe ulipo, kwa sababu unamwambia kwamba muda unakwenda na mdaiwa haji. Wa nne ndio unaouliza, na umeuliza kahawa. Katika jaribio langu la kwanza niliweka ngazi, nikazifuta. Ngazi zile katika shairi lake zinafika mlangoni pake, na mtu ambaye hamjaonana hapandi ngazi za mwanamke hata kwa mizani.

Ubeti huu ni wangu na nimekuonyesha njia tu. Usiutume. Akikujibu kwa beti tatu kesho yake, kama malenga wafanyavyo, utarudi kwangu kuomba nyingine, na siku mkikutana utaumbuka. Tunga wako, hata uwe wa mishororo miwili iliyonyooka, au ubaki kwenye nathari yako, ambayo kwa kweli unaiweza vizuri kuliko unavyodhani. Na huo wako usiutume katika ujumbe wa kwanza. Ubeti wenye kahawa ndani yake unakuja baada ya yeye kukufungulia.

Utajuaje kwamba amefungua? Tazama jibu lake, si kasi yake. Akiandika "Ahsante sana kwa kusikiliza", hilo ni jibu la heshima ambalo huenda huwajibu wote, na limefunga mazungumzo kwa upole. Lipokee, usiongeze kitu. Akitoa shairi jipya baada ya muda, na ukasikia ndani yake jambo la kweli la kumwambia, unaruhusiwa kuandika tena mara moja, kwa namna ileile, na likija tena "Ahsante sana" basi ujue kwamba wewe ni msikilizaji wake mzuri na hapo ndipo ulipofikia. Lakini akilijibu swali lako, tuseme akueleze kwamba mshororo wa mwisho ulimjia akiwa kwenye kivuko cha Likoni na beti tano akazitunga kwa kurudi nyuma, kisha naye akauliza, "Kumbe mafundi wa redio nao husikiliza hadi kwenye mpini?", hapo umefunguliwa. Alama yenyewe ni kwamba swali lake linakuhusu wewe. Anayejibu swali bila kuuliza anazungumza juu ya kazi. Anayeuliza ameanza kuzungumza nawe.

Jibu lako la pili linaweza kusogea hatua moja, na hapa ndipo mzaha unaporuhusiwa kuonekana uso. Kwa mfano: "Fundi husikiliza hadi kwenye mpini kwa sababu hitilafu hujificha mahali padogo. Ila nakuonya: mtu anayeweza kunidanganya beti tano bila sauti kutetemeka, nitakuwa na tahadhari naye." Hiyo bado ni sifa ya kazi yake, kwa maana ile sauti isiyotetemeka ndiyo ufundi niliokueleza, lakini sasa umejiweka ndani ya sentensi. Mwache acheke, au asicheke. Usitume ujumbe mwingine juu ya huo kabla hajajibu, hata kama umeona kwamba amesoma. Wanaoharibu mambo mara nyingi hawaharibu kwa ujumbe wa pili, huharibu kwa alama ya kuuliza waliyoituma peke yake saa tatu baadaye.

Yapo mawili ya kujizuia katika hatua hii. La kwanza ni kumsahihisha. Kuna wanaume wanaodhani kwamba kumtajia mshairi mshororo wenye mizani tisa ni njia ya kuonyesha kwamba wao si mashabiki wa kawaida. Amekwisha kuuona huo mshororo, na huenda aliuacha kwa makusudi. La pili ni kumwomba akutungie. Ukimwomba ubeti wa jina lako, umejiunga na wale wa harusi ya mdogo wao.

Swali la ndoa usiliache likakaa. Mashairi hayatakuambia, na kumchunguza kupitia kundi la washairi kutamfikia haraka kuliko unavyofikiri. Mazungumzo yakishakuwa ya pande mbili, na kabla hujagusa habari ya kahawa, muulize mwenyewe kwa sentensi iliyonyooka: "Naona nimeanza kuzifurahia jumbe zako kuliko inavyompasa msikilizaji. Kabla sijaendelea, je, yupo mtu nitakayemkosea heshima?" Swali hilo linasema nia yako bila kumbana, na linampa nafasi ya kusema "yupo" hata kama sababu yake ni nyingine. Likija jibu hilo, lichukue kama lilivyo.

Akisema hayupo, na mzaha ukaendelea, ndipo unapoweza kuuliza habari ya kuonana, na ingekuwa vizuri iwe mahali ambapo yeye yuko kazini mwake na wewe ni mgeni: siku ana usomaji au kongamano la washairi huko Mombasa. Kutoka Tanga kupitia Horohoro ni safari ya mchana mmoja, kwa hiyo huna haja ya kumtaka avuke mpaka kwa ajili yako. Mwambie mapema kwamba utakuwapo, usimshtukize, na umwachie yeye kusema kama baada ya shughuli mtakunywa kahawa pale barazani au kama atakuwa na wageni wengine. Siku hiyo usimtunze kwa noti mbele za watu kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu. Msomaji wa mashairi akiwekewa noti na mwanamume asiyemjua, ukumbi mzima utaanza kutunga hadithi. Kama ana kitabu mezani, nunua kwa bei iliyoandikwa.

Na akikataa, katika hatua yoyote ile, mjibu kwa mstari mmoja: "Nimekuelewa, na ahsante kwa kuniambia wazi." Usieleze ulivyoumia, wala usiondoke kwenye ukurasa wake siku hiyohiyo, maana atahesabu kwamba habari yote ya mpini na kibwagizo ilikuwa bei ya kitu kingine. Ile namba ya simu uifute leo, kabla hata ya kuandika ujumbe wa kwanza.

Shangazi